Gran Turismo 7: Krediti Zinakokwenda, na Jinsi ya Kuepuka Kurudia Mbio Moja Usiku Kucha

Mchezaji wa Gran Turismo 7, mchezo wa video wa mbio za magari, akilalamika kwamba mchezo ni mbahili, mara nyingi malalamiko yake huanzia mahali pamoja. Ameingia duka la magari ya zamani, ameona gari alilolitamani tangu utotoni, bei yake ni krediti milioni kumi na ushee, na yeye ana laki tatu. Jirani yake wa mtandaoni anamshauri achague mbio moja inayolipa vizuri, airudie mara thelathini, arudi dukani. Anafanya hivyo. Baada ya wiki mbili gari liko gereji, lakini mkono umechoka, barabara ile anaijua hata akifumba macho, na hamu ya kucheza imekwisha. Makala haya yanahusu namna ya kufika katikati na hata mwishoni mwa mchezo huu bila kupita njia hiyo. Hoja yangu ni moja: katika mchezo huu krediti hazipungui kwa sababu malipo ni madogo tu, bali kwa sababu wengi wetu hununua vitu ambavyo havitufungulii mbio yoyote mpya.

Ni haki kukubali kwanza kwamba lawama si zote za mchezaji. Mchezo ulitoka tarehe 4 Machi 2022, na wiki chache tu baadaye sasisho la 1.07 lilipunguza malipo ya mbio kadhaa ambazo watu walikuwa wakizitegemea. Sasisho hilohilo liliambatana na hitilafu iliyoufunga mchezo kwa zaidi ya siku nzima, na kwa kuwa karibu kila kitu ndani yake kinahitaji mtandao, waliokuwa wameulipia walibaki wakitazama skrini. Kazunori Yamauchi, anayeongoza utengenezaji wake, aliomba radhi, wachezaji wakapewa krediti 1,000,000 za bure, na mwezi Aprili sasisho la 1.11 likapandisha malipo ya mbio nyingi za nusu ya pili ya mchezo. Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni hadi leo uliandikwa katika zile wiki chache za njaa, kabla ya marekebisho hayo, na ndiyo maana unamfundisha mtu kubana na kurudia hata pale pasipohitajika.

Kuna pia duka la fedha halisi. Krediti 2,000,000 zilipangiwa bei ya dola 19.99 za Marekani, na katika duka la magari ya kihistoria yapo magari yanayofika krediti milioni 20. Mwenye kupiga hesabu ataona kwamba gari moja la namna hiyo ni karibu dola 200, yaani zaidi ya bei ya mchezo wenyewe ulipokuwa mpya. Sitalirudia jambo hili tena. Nimelitaja ili msomaji ajue kwamba uchovu wa kurudia mbio una bei sokoni, na anayeuuza mchezo anaijua bei hiyo.

Usinunue utakachopewa

Mchezo unakuanzisha na krediti 20,000 na kukupeleka kwenye duka la magari yaliyotumika, ambako unachagua mojawapo ya magari madogo matatu: Toyota Aqua, Honda Fit Hybrid au Mazda Demio. Watu hutumia muda mrefu kulinganisha, ilhali uchaguzi huu hauna uzito. Kitabu cha kwanza cha menyu katika GT Café, mkahawa wa ndani ya mchezo unaokupangia kazi za kufanya, kinakutaka ukusanye magari madogo ya Kijapani, na yale ambayo hukuyanunua hutolewa kama zawadi kwa kumaliza mbio katika nafasi tatu za kwanza. Chukua lolote.

Somo lililofichwa katika hatua hiyo ya kwanza ndilo linaloendesha uchumi wote wa mchezo. GT Café ina vitabu 39 vya menyu hadi pale majina ya watengenezaji yanapopita kwenye skrini, na sehemu kubwa ya vitabu hivyo ni vya makusanyo: unapewa picha za magari matatu, unaoneshwa mbio zinazoyatoa, unashiriki, unayapata. Huhitaji kushinda, nafasi ya tatu inatosha. Mtu anayekwenda duka la Brand Central kununua gari jipya kabla hajafungua kitabu kinachofuata yuko katika hatari ya kulilipia gari ambalo angepewa baada ya dakika kumi. Mimi mwenyewe nilikwisha kufanya hivyo zaidi ya mara moja, na mara ya pili nilikuwa nimekwisha kulipaka rangi lile nililolinunua.

Kwa hiyo, hadi GT Café iishe, kanuni ni nyepesi. Kabla ya kununua gari lolote, fungua kitabu ulichonacho, soma mbio zinazotakiwa, kisha tazama masharti ya kila mbio. Baadhi ya mbio hudai aina fulani ya gari, mathalani gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele, au gari la nchi fulani. Ikiwa gereji yako haina gari la aina hiyo, hapo ndipo ununuzi unapokuwa na maana, na hata hapo duka la Used Cars hutangulia Brand Central. Magari ya Used Cars hubadilika kadiri siku zinavyokwenda, na linalokaribia kuondoka huwekewa alama ya uhaba, lakini katika ngazi za chini karibu daima utakuta kitu cha bei nafuu kinachokidhi sharti.

Masharti hayo yenyewe husomwa vibaya na wengi. Kila gari lina namba iitwayo PP, ambayo ni makadirio ya uwezo wake wote ukijumlisha nguvu ya injini, uzito, matairi na mengineyo. Mbio nyingi za mwanzoni huonyesha PP inayopendekezwa, na hilo ni pendekezo tu: gari lenye PP zaidi linaruhusiwa kuingia. Mbio za baadaye, hasa zile za World Touring Car 600, 700 na 800, huweka ukomo ambao huwezi kuuvuka. Tofauti ya maneno haya mawili ina fedha ndani yake. Pale penye pendekezo, gari moja zuri kidogo kuliko linavyotakiwa linaweza kukubeba katika vitabu vitano sita bila kununua chochote. Pale penye ukomo, nguvu uliyoilipia kupita namba ile haina kazi, na itakubidi uilipie tena kuibana.

Baada ya kitabu cha 39, masasisho yamekuwa yakiongeza menyu za ziada. Hizi zina tabia tofauti na zinastahili tahadhari, kwa sababu mara nyingi hukutaka uwe na magari matatu fulani na zawadi yake ni tiketi ya bahati nasibu. Ukiwa nayo tayari, chukua tiketi. Ukiwa huna, kuyanunua matatu kwa ajili ya tiketi moja ni biashara ya hasara, maana gurudumu lile la bahati lina mazoea ya kupita karibu na zawadi nono na kusimama kwenye kiasi kidogo kuliko vyote.

Maboresho yanayorudishika na yasiyorudishika

Tuning Shop imepanga vifaa vyake katika ngazi tano, kuanzia vya kawaida vya michezo hadi vile vya kupindukia, na ngazi za juu hufunguka kadiri kiwango chako cha ukusanyaji kinavyopanda. Mchezaji mgeni huona ngazi mpya imefunguka na kuhisi kwamba sharti aitumie. Hapana haja. Swali linalopaswa kumtangulia ni hili: kifaa hiki kinaweza kutolewa?

Matairi, breki, springi na shokomzoba, ekzosi, tabo, gia boksi, klachi, kompyuta ya injini na kibana nguvu ni vifaa unavyovifunga na kuvifungua upendavyo. Ukivinunua mara moja kwa gari fulani, vinabaki vyako kwa gari hilo, na siku ya kuingia mbio yenye ukomo wa chini unaviondoa bila gharama. Kundi la pili ni kazi zinazofanywa juu ya injini yenyewe na bodi yenyewe: kupanua silinda, kurefusha mwendo wa pistoni, kusawazisha injini, kusugua njia za hewa, kubadili kamshafti, kupunguza uzito wa bodi na kuiimarisha. Kazi hizo hazirudi nyuma. Ukitaka gari liwe kama lilivyokuwa, itakubidi uende karakana ya GT Auto kununua injini mpya au bodi mpya, na bei zake si za kuchezea.

Hii haimaanishi kwamba kundi la pili ni baya. Kupunguza uzito ni miongoni mwa maboresho yanayohisiwa upesi kuliko mengine, kwa kuwa gari jepesi husimama upesi likifungwa breki, hukata kona vizuri na hutafuna matairi polepole. Maana yake ni kwamba maboresho ya kudumu yafanywe kwa magari machache uliyokwisha kuamua kuwa ya kazi, siyo kwa kila gari lililopita mkononi. Mtu mwenye magari manane aliyeyafungua injini yote nusunusu ana gereji isiyoshinda kitu, na amezika humo fedha ambayo ingetengeneza mawili yanayoshinda kila mahali.

Nianze basi na lile ambalo ningelinunua kwanza kwa karibu gari lolote la barabarani, yaani matairi. Gari linalotoka dukani likiwa na matairi ya starehe hupoteza sekunde nyingi kwenye kona kuliko linavyoweza kuzifidia kwa nguvu kwenye mnyooko, na seti moja ya matairi ya michezo hulibadilisha kuwa gari jingine. Matairi laini huongeza PP, kwa hiyo kwenye mbio ya ukomo yatakula sehemu ya nafasi uliyonayo, lakini ni nafasi inayoliwa vizuri. Kifaa cha pili ni kibana nguvu, ambacho kwenye skrini huitwa Power Restrictor, pamoja na uzito wa ziada, Ballast. Vifaa hivi viwili havifanyi gari liwe na kasi, vinalirudisha nyuma, na ndiyo maana watu huvipuuza. Lakini ndivyo vinavyoligeuza gari moja la PP 640 kuwa pia gari la PP 600, na mara nyingine hata la chini ya hapo. Badala ya kununua gari kwa kila ukomo, unakuwa na gari moja lenye kurasa mbili tatu za mipangilio zilizohifadhiwa.

Jambo dogo linalowasumbua watu hapa: baada ya kubadilisha mipangilio, namba ya PP unayoiona huenda isiwe ya mwisho hadi mchezo uipime upya. Bonyeza kitufe cha kupima kabla ya kwenda kwenye mbio, vinginevyo utafika mlangoni na kuambiwa gari limezidi kwa pointi chache. Kisha kibane nguvu kwa hatua ndogondogo, pima tena, na usimame ukiwa umeugusa ukomo.

Kwa gari lililotumika kuna kitu cha kuanza nacho kabla ya vyote hivyo, nacho ni kubadilisha oili GT Auto. Oili chafu hupunguza nguvu ya injini, na magari ya Used Cars yanakuja na kilomita zake. Nimewaona watu wakinunua ekzosi kutafuta nguvu ambayo oili mpya ingewarudishia kwa bei ndogo mno. Kufungua injini nzima na kurudisha uimara wa bodi ni gharama nyingine kabisa, na kwa gari la kupita tu sioni sababu ya kuifanya.

Fedha inayolipwa mara moja tu

Anayerudia mbio moja kwa kawaida ana hazina aliyoiacha bila kuigusa. Mchezo una malipo mengi ya mara moja, na sehemu kubwa yake hutolewa mahali ambapo huhitaji kumiliki gari lolote, kwa kuwa unapewa la kuendesha.

Leseni za msingi ziko tano, kila moja ina majaribio kumi. Ukimaliza majaribio yote ya leseni moja kwa shaba unapewa gari, na ukiyamaliza yote kwa dhahabu unapewa jingine. Kwa hiyo kuna magari kumi yanayokungoja kwa kujifunza kufunga breki. Circuit Experience nayo hukata kila kiwanja vipande vipande, kisha hukutaka uunganishe mzunguko mzima. Kuna malipo ya krediti kwa kumaliza vipande vyote kwa shaba na malipo makubwa zaidi kwa dhahabu, na viwanja virefu hulipa vizuri kuliko vifupi. Misheni za Mission Challenge zinafuata mtindo huohuo wa kukupa zawadi ya kundi zima.

Ushauri wangu hapa ni kinyume cha ule wa wapenda ukamilifu. Usikwame kwenye jaribio moja ukitafuta dhahabu kwa saa mbili. Pita kwa shaba kila mahali kwanza, chukua malipo ya shaba, kisha rudi kwenye dhahabu baadaye ukiwa umezoea uzito wa magari. Sehemu kumi ngumu za leo huwa tano baada ya mwezi, bila kufanya mazoezi maalumu. Na faida nyingine haionekani kwenye salio: mtu aliyekwisha kupita kiwanja cha Le Mans au Spa kipande kwa kipande ndiye atakayemaliza mbio ya nusu saa bila kugonga, na hivi karibuni tutaona kwamba kutogonga huongeza hadi nusu ya mshahara.

Kuna pia kidogo cha kila siku na cha kila wiki. Ukiendesha jumla ya kilomita 42.195 kwa siku, ambao ni umbali wa marathoni, unapata tiketi, na kilomita za mbio zozote huhesabiwa, kwa hiyo hakuna haja ya kuzitafuta kwa makusudi. Tangu sasisho la Novemba 2023 kuna Weekly Challenges, mbio tano zinazobadilika kila wiki, zenye zawadi baada ya kumaliza ya kwanza, ya tatu na ya tano. Hizi nazipenda kuliko tiketi za kila siku, kwa sababu zinakulazimisha utoe gari ambalo hukuwa na mpango nalo na uende kiwanja ambacho ungekikwepa, na malipo ya mbio zenyewe yanaingia kama kawaida. Angalizo ni lilelile: mbio ya wiki ikidai gari usilokuwa nalo, pima kama gari hilo litakufaa wiki ijayo pia.

Na jambo moja ambalo watu wengi hawaliamini hadi walijaribu: kiwango cha ugumu wa wapinzani katika mbio za kawaida hakibadilishi malipo. Mshindi wa kwanza kwenye kiwango rahisi hupokea sawa na mshindi wa kwanza kwenye kigumu. Anayejitesa kwenye kiwango cha juu kwa ajili ya ladha ya ushindani yuko sahihi, lakini anayejitesa akidhani analipwa zaidi anajidanganya.

Laki sita mkononi: mfano wa kuamua

Tuchukue mchezaji aliyemaliza vitabu vya GT Café, mwenye krediti 600,000, na aliyeweka moyo wake kwenye gari la kihistoria la milioni 20. Gari analolitaka liko mbali sana. Mbele yake kuna njia mbili za kutumia laki sita.

Njia ya kwanza ni ile inayovutia macho. Ananunua gari la barabarani la kifahari kwa laki nne na nusu, na linalobaki analimalizia kwenye tabo na kupunguza uzito. Ana gari zuri la kupiga picha. Kwenye mbio za ukomo wa 600 limezidi nguvu, kwenye ukomo wa 700 linazidiwa na magari ya mashindano kwenye kona, na mkononi hana kitu. Hapo ndipo mtu hujikuta anarudia mbio ndogo.

Njia ya pili ni kununua ufunguo. Magari ya kundi la Gr.3 katika Brand Central kwa kawaida huuzwa krediti 450,000, na kama mchezaji huyu amekwisha kupewa moja kama zawadi, hata hiyo haitoki mfukoni. Gari la Gr.3 huja tayari kwa mashindano: ni jepesi, lina mabawa na matairi ya mbio, halihitaji kufunguliwa injini. Anachohitaji ni kibana nguvu na uzito wa ziada kidogo ili kulishusha hadi PP 700, matairi magumu ya mbio, na seti ya matairi ya mvua, ambayo huuzwa kando. Sasa anaweza kuingia mbio ya World Touring Car 700 ya nusu saa huko Le Mans. Mshindi hupokea 550,000, na Clean Race Bonus ikikamilika malipo yanafika 825,000. Gari limejilipa katika jaribio la kwanza na kubakiza faida.

Hebu tuitazame hiyo ziada ya mbio safi kwa makini, maana ndiyo tofauti kubwa kati ya wanaochoka na wasiochoka. Inaweza kuongeza hadi nusu ya malipo ya msingi, na hupotea unapowagonga wengine, unapogusa kuta au unapotoka nje ya njia. Kwa kufikia milioni 20, anayeshinda Le Mans mara zote kwa usafi anahitaji mbio 25. Anayeshinda mara zote bila usafi anahitaji 37. Mbio kumi na mbili za nusu saa kila moja ni saa sita za maisha ya mtu, zilizopotea kwa sababu ya haraka kwenye kona ya kwanza. Dakika mbili za mwanzo, wakati magari yote yamebanana, ndipo ziada hii inapopotea zaidi kuliko wakati mwingine wowote. Mwenye gari lenye kasi ya kutosha hana haja ya kupita watu watano kwenye kona moja: mnyooko wa Le Mans ni mrefu mno, na kila atakayemwacha apumue sasa atampita huko bila kumgusa.

Mambo mengine yanayoharibu mbio hii ni mafuta, mvua na saa. Mafuta hudhibitiwa kwa kipimo cha ngazi 1 hadi 6, ambapo 1 hutoa nguvu yote na 6 hubana matumizi. Ukisogeza kipimo kuelekea 6 kwenye mnyooko na kuachia pedali ya mafuta mapema kidogo kabla ya kona, huenda ukaokoa kusimama kwa ajili ya mafuta, na kusimama kumoja ni nusu dakika au zaidi. Mvua nayo haina ratiba unayoweza kuikariri. Tazama rada ya hali ya hewa na kipimo cha maji kwenye lami, siyo matone kwenye kioo, kwa sababu lami huanza kuteleza baadaye kuliko mvua inavyoonekana, na hukauka polepole baada ya mawingu kuondoka. Aliyesahau kununua matairi ya mvua atayakumbuka hapo, akiwa kwenye kona za Porsche huku wapinzani wakimpita mmojammoja.

Saa ni hila ya mwisho. Mbio inayohesabiwa kwa muda huisha pale unapovuka mstari baada ya dakika kwisha. Ukivuka zikiwa zimebaki sekunde tatu, unadaiwa mzunguko mwingine mzima wa zaidi ya kilomita 13, pamoja na mafuta yake. Kwa hiyo kuanzia nusu ya mbio piga hesabu ya mizunguko iliyobaki, na ukiona unaongoza kwa mbali na utavuka mstari sekunde chache kabla ya muda kwisha, punguza mwendo. Ni jambo la ajabu kidogo kuongoza mbio na kungoja saa, lakini anayekufuata akiwa mbali hana la kukufanya.

Baada ya mbio ya kwanza, mchezaji wetu ana gari, ana vifaa, na salio lake linakaribia milioni moja. Hapo simshauri arudie mara ishirini na nne. Gari lilelile la Gr.3 linamfungulia mbio nyingine za ukomo huohuo, na fedha aliyoipata inatosha kulitengeneza gari moja zuri la PP 600. Kwa hilo anaweza kuingia mbio ya World Touring Car 600 ya Tokyo, ambayo nayo hufika 825,000 kwa mbio safi, ingawa kuta zake ziko karibu na hazisamehi. Kwa ukomo wa juu zaidi kuna mbio ya saa moja ya Spa, inayolipa hadi 1,500,000. Kwa kila saa, Le Mans mbili hulipa zaidi kidogo ya Spa moja, lakini tofauti ni ndogo kiasi kwamba sioni sababu ya mtu kujifunga mahali pamoja. Ongeza misheni za saa mojamoja zilizoletwa na lile sasisho la Aprili 2022, ambazo humlipa mshindi 1,200,000 kila moja. Ni malipo makubwa kwa mbio ambayo hujawahi kuikimbia. Ukizipangilia hivi, mbio moja Jumamosi, misheni moja Jumapili, za wiki katikati, salio hupanda bila kukimbia mahali pamoja siku mbili mfululizo.

Upande wa Legend Cars, lile duka la magari ya kihistoria, magari huondoka na kurudi. Alama ya uhaba hutisha, na ndiyo huwasukuma watu kwenye kurudia mbio kwa hasira kabla gari halijatoweka. Lakini lililoandikwa kuwa limeuzwa litarudi siku nyingine, pengine kwa bei iliyobadilika kidogo. Ukiwa na milioni nane na gari la milioni 20 linaondoka kesho, hesabu ya mbio 25 inakuonyesha kwamba hulipati kwa usiku mmoja. Liache liende, endelea na ratiba yako, na zamu ijayo litakukuta na salio tofauti.

Tangu sasisho la 1.27 la Januari 2023 inawezekana pia kuuza magari, jambo ambalo mchezo haukuliruhusu mwanzoni. Bei utakayopewa kwa gari la kawaida iko chini ya uliyolipa, na usiitegemee kurudisha fedha ya maboresho, kwa hiyo kuuza hakuwezi kuwa njia ya kujipatia kipato. Kunafaa kwa magari yaliyojirudia, hasa yale ya zawadi ambayo tayari unalo moja, na kwa lile gari la kifahari la laki nne na nusu kama ulikwisha kulinunua kabla ya kusoma haya. Kabla ya kuliuza, hakikisha tu kwamba hakuna menyu ya ziada inayolidai, maana kulinunua mara ya pili kutakugharimu bei kamili.